Mteja akisema bei iko juu, gusa kazi kabla ya kugusa bei

*"Natengeneza makabati ya jikoni, karakana iko Kariobangi Light Industries. Juzi nilipima jikoni la mteja Utawala nikampa kotesheni ya 285,000. Akaniambia, 'Fundi, bei yako iko juu, kuna mwingine amenipa 190,000.' Nikaogopa kumpoteza, nikasema sawa, nitafanya 240,000. Akasema atanipigia. Leo ni siku ya tano, kimya. Nilikosea wapi, na mteja akisema hivyo nimjibu nini?"*

Ulikosea pale uliposhuka 45,000 kabla ya kuuliza swali hata moja. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo uchungu ulipo. Tuseme mbao, bawaba, granaiti, mafundi, usafiri na sehemu ya kodi ya karakana vinakula 215,000 katika kazi hii. Faida yako ni 70,000. Uliposema 240,000, bei ilipungua kwa karibu 16%, lakini faida ilianguka kutoka 70,000 hadi 25,000. Umetoa karibu theluthi mbili ya ulichokuwa upate, na kazi imebaki ileile: mbao zilezile, siku zilezile.

Upande wa mteja ni mbaya zaidi. Alisikia kwamba 45,000 zinaweza kutoka kwa sekunde tatu bila kitu chochote kuondoka jikoni. Basi hizo pesa zilikuwa za nini? Na kama hizo zilikuwa hewa, ni ngapi nyingine zimefichwa ndani ya 240,000? Mtu mwenye maswali hayo hakupigii simu. Anaenda kupata bei ya fundi wa tatu.

Sasa turudi kwenye ile sentensi yake. "Bei yako iko juu" hapa Nairobi ina maana tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni mazoea tu. Mtu aliyezoea kununua nguo Gikomba au Toi haulizi bei bila kuuliza "ya mwisho ni ngapi?", hata kama ameridhika. Ya pili ni mfuko: pesa aliyotenga haifiki hapo. Ya tatu ni kulinganisha: ana bei nyingine mkononi na haoni tofauti kati ya kazi yako na ile. Mteja wako alikupa dalili ya tatu, kwa sababu alitaja namba. Lakini namba pekee haitoshi, kwani wengine huitaja ili kukusukuma tu, na wengine huitaja kwa sababu ndiyo pesa waliyo nayo.

Utajua kwa swali moja fupi: "Iko juu ukilinganisha na nini?" Ukishauliza, nyamaza. Mafundi wengi hushindwa hapo. Kimya cha sekunde kumi huwatoa jasho, wakakijaza kwa punguzo. Mwache yeye akijaze. Wa mazoea atacheka na kusema "aah, niangalilie tu." Wa mfuko ataanza kuzungumzia ada za shule, au atauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Anayelinganisha atataja vitu: milango, granaiti, siku za kazi, rangi.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

— Fundi, bei yako iko juu. Kuna mwingine amenipa 190,000.

— Sawa madamu, ni vizuri umeuliza watu wawili. Hiyo 190,000 ina nini ndani? Granaiti imo?

— Sijui, alisema tu jikoni lote.

— Amekuandikia mbao gani kwenye sehemu ya sinki?

— Hajaandika. Alisema MDF, nafikiri.

Umeona kilichotokea? Hujamtukana fundi mwenzako, na usimtukane hata kidogo. Ukisema "huyo ni wa jua kali, ataharibu", mteja ataanza kumtetea mtu ambaye hata hamjui. Umemwonyesha tu kwamba ile 190,000 haina mwili. Kama kotesheni ya mwenzako anayo kwenye simu, muombe muiangalie pamoja. Kama hana, mpe maswali matatu ampigie: granaiti imo au haimo, mbao ya sinki ni ipi, na kusafirisha na kufunga ni juu ya nani. Mwache apige hata ukiwa umekaa hapo.

Ili uweze kufanya hivyo, kotesheni yako yenyewe lazima iwe imegawanywa. Namba moja chini ya karatasi haina pa kushika. Yako sijaiona, kwa hiyo tuchukue mgawanyo wa mfano wa jikoni la ukubwa huo, futi kumi na nne za kaunta, nawe uweke namba zako:

- Makabati ya chini: 98,000
- Makabati ya juu: 56,000
- Kabati refu la pantri: 44,000
- Droo nne na reli zake: 21,000
- Kaunta ya granaiti, kukata na kuweka: 54,000
- Usafiri na kufunga: 12,000

Jumla ni 285,000. Sasa tuseme fundi wa pili amejibu simu na kusema granaiti mteja atanunua mwenyewe. Ondoa 54,000 kwenye yako, unabaki na 231,000 dhidi ya 190,000. Pengo lililokuwa 95,000 sasa ni 41,000, na hujapunguza hata shilingi. Mara nyingi ukishalinganisha hivi, jambo linaloonekana kubwa hugeuka kuwa dogo. Angalia pia ushuru: kama umesajiliwa kwa VAT, ndani ya bei yako kuna ushuru wa kiwango cha 16% ambao fundi asiyesajiliwa hatozi. Mteja wa nyumba ya kuishi hawezi kuudai tena mahali popote, kwa hiyo mwambie wazi kwamba umo ili asidhani ni pesa yako.

Hizo 41,000 zilizobaki ndizo unazopaswa kuzieleza, na hapa maneno peke yake hayasaidii. "Yangu ni quality", kama wanavyosema katika kila karakana, ni sentensi ambayo hata wa 190,000 anaisema. Beba kitu cha kushikwa. Chukua vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, vyote milimita 18: kimoja MDF, kingine plaiwudi ya marini. Vikate kingo zikiwa wazi. Mwombe mteja avipime mwenyewe kwa rula, avitie kwenye beseni la maji jikoni kwake, avilaze humo usiku kucha. Asubuhi apime tena, akupigie picha. MDF itakuwa imefura kwenye kingo na kuwa kama mkate uliolowa. Plaiwudi nzuri itakuwa imebadilika kidogo tu. Tahadhari moja: sokoni kuna mbao nyingi zinazoitwa marini ambazo si marini. Jaribu yako karakana kwanza. Chemsha kipande kwenye sufuria kwa saa kadhaa. Kama tabaka zinaachana, gundi si ya maji, na ungeaibika mbele ya mteja.

Kisha ihusishe na pesa yake. Chini ya sinki ndipo maji yanapovuja, kwenye kiungo cha bomba au pembeni mwa silikoni. Kabati hilo likifura baada ya mwaka au miwili, haling'olewi peke yake. Juu yake kuna granaiti, na granaiti ni dhaifu zaidi palepale ilipotobolewa tundu la sinki, kwa sababu pande za mbele na nyuma zimebaki vipande vyembamba. Ukiinyanyua vibaya, inapasuka. Kwa hiyo kabati la sinki la bei rahisi linaweza kuja kumgharimu kabati jipya pamoja na kaunta ya 54,000. Hilo ndilo jambo moja la kumweleza, likaeleweka. Ukimwongezea habari za ejingi, reli, bawaba na vipini kwa mpigo mmoja, utamchosha na hoja yako nzuri itapotea humo.

Lakini kabla ya kulieleza, uliza nyumba ni ya nani. Kama anajenga ya kupangisha na anapanga kuiuza mwakani, hoja ya miaka kumi haimgusi. Yeye anataka jikoni lionekane vizuri kwenye picha na likamilike kabla mpangaji hajaingia. Kwake thamani ni tarehe, na unachopaswa kumwonyesha ni ratiba yenye siku, si kipande cha mbao ndani ya beseni.

Tuseme sasa ameelewa, anakubali kazi yako ni tofauti, na bado anasema: "Fundi, nakuelewa, lakini sina 285,000. Nina kama 240,000." Huyo sasa ni wa mfuko, na kuendelea kumweleza ubora ni kumwonea. Hapa kuna kanuni moja, na ukiishika hutapata tena shida ya juzi: bei haisogei peke yake. Ikishuka, kuna kitu kinachotoka jikoni, na mteja anakiona kikitoka.

Kwa mgawanyo ule, kitu chenyewe kiko wazi. "Madamu, tukiacha pantri kwa sasa, inakuwa 241,000. Nafasi yake nitaiacha na vipimo vitabaki kwangu, ukiwa tayari nitaileta." Angalia hesabu. Tuseme pantri inakugharimu 34,000 kuitengeneza, maana yake faida yake ni 10,000. Ukiitoa, faida ya kazi nzima inakuwa 60,000. Juzi ulikubali 240,000 ukabakiwa na 25,000. Hapa anakulipa 241,000 na unabakiwa na 60,000. Kwa mteja ni karibu pesa ileile. Tofauti ni kwamba hapa mmebadilishana kitu, na pale ulitoa bure. Jihadhari tu unapopiga hesabu hiyo: gharama ya kutoa ni ile unayoacha kweli kuitumia. Usafiri na kufunga havipungui kwa sababu lori linakwenda Utawala vilevile, na kodi ya karakana haijui kama pantri imo au haimo.

Na kama mfuko wake kweli ni 190,000? Bado hujafika mwisho. Toa makabati ya juu na pantri, unabaki na makabati ya chini, droo, granaiti na kufunga: 185,000. Kama makabati ya juu yalikuwa na faida ya 14,000, hapa unabakiwa na 46,000 kwa kazi ndogo zaidi. Naye anapata jikoni la kupikia, lenye kaunta, chini ya bei aliyopewa na fundi ambaye hata granaiti hana. Watu wengi Nairobi hujenga kwa awamu. Wanaelewa habari ya kuanza na chini na kuongeza juu baadaye kuliko unavyodhani.

Ukibadilishana, chagua vitu vikubwa vinavyoonekana. Kubadilisha bawaba zinazojifunga polepole ziwe za kawaida ni biashara mbaya: milango kumi na miwili ina bawaba ishirini na nne, na kama tofauti ni shilingi 150 kila moja, umeokoa 3,600 tu, ilhali mlango utampigia kelele masikioni kila siku na kila atakayeusikia atauliza nani alitengeneza. Makabati ya juu, kwa upande mwingine, hayaguswi na maji, kwa hiyo kuyatoa kwenye plaiwudi hadi MDF yenye melamini ni badiliko la haki, mradi umeliandika na si jambo la kimyakimya. Muda nao unabadilishwa. Mteja akikuachia tarehe, ufanye Januari kazi zikiwa chache, au akilipa 70% mwanzoni badala ya nusu ili ununue mbao zote kwa mara moja, hiyo ina thamani kwako na unaweza kumrudishia elfu tano hivi. Sema tu kwamba ndiyo sababu: "ukilipa 70% leo."

Kuna vitu ambavyo havitoki kamwe hata akilia. Mbao ya kabati la sinki. Skrubu na plagi za kushikilia makabati ya juu ukutani, kwa kuwa kabati lililojaa sahani likianguka si suala la bei tena. Na ejingi kwenye kila ukingo wa MDF unaokaribia maji. Vitu hivi vikiharibika hakuna atakayekumbuka kwamba ulipunguza bei. Atakumbuka tu jina lako.

Njia unazompa zisizidi mbili. Ukimpa tano atasema "wacha nifikirie", na kufikiria huko hakuna mwisho. Ziandike, na kwenye kila moja andika pia kisichokuwamo: "Pantri haipo." Neno hilo "haipo" litakuokoa siku ya kufunga, wakati mteja atasimama mlangoni na kusema, "Si hapa ungenitilia tu hata rafu mbili?" Bila maandishi, pantri inarudi vipande vipande, na punguzo ulilokwepa linakuja kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na maandishi unamjibu kwa upole: "Naweza, rafu mbili ni kiasi hiki."

Kosa lingine, na hili ni baya kuliko punguzo, ni kukubali 240,000 kwa kila kitu kisha kujilipa kwa siri: unaweka MDF mahali uliposema marini, unaacha mgongo wa kabati wazi likaegemea ukuta. Hilo nalo ni kubadilisha kazi, ila mteja hakuulizwa. Linajulikana sinki likivuja.

Mwishoni kabisa, hata mkishakubaliana 241,000, usishangae akiuliza, "Na ya mwisho?" Huyo sasa ni yule wa mazoea. Ukikataa kabisa utaonekana mkavu, ukitoa 5,000 umefungua mlango tena. Fanya anavyofanya mama mboga: hashushi bei ya sukuma, anaongeza matawi mawili ya dhania. Uwe na dhania yako tayari. Kisanduku cha kugawanya vijiko ndani ya droo, kilichotokana na vipande vilivyobaki karakana, kinakugharimu labda shilingi elfu moja na kinaonekana kila siku. Kitoe mara moja, mwishoni, mkishapeana mkono.

Na uingie kila nyumba ukijua sakafu yako. Kwa kazi kamili kama hii gharama ni 215,000. Amua ukiwa karakana, si sebuleni kwa mtu, faida ya chini kabisa unayoweza kuishi nayo. Chini ya hapo, toa kazi au aga vizuri.

Huyu wa Utawala hajapotea bado. Siku tano si nyingi kwa mtu anayejenga. Mwandikie leo kwenye WhatsApp, hivi:

"Habari madamu. Juzi nilikutajia 240,000 kwa haraka kabla sijapiga hesabu, naomba radhi. Nimeandika njia mbili. Ya kwanza 241,000: makabati ya chini na ya juu, droo nne, granaiti, usafiri na kufunga. Pantri haipo, nafasi yake inabaki. Ya pili 185,000: makabati ya chini, droo nne, granaiti, usafiri na kufunga. Makabati ya juu na pantri hayapo, unaongeza ukiwa tayari. Katika zote, kabati la sinki ni plaiwudi ya marini. Alhamisi nitakuwa upande huo, nipite saa nne nikuachie vipande viwili vya mbao uvijaribu kwa maji?"

Akijibu, "Lakini ulisema 240,000 kwa kila kitu," usibishane. "Ni kweli nilisema. Kwa bei hiyo ningelazimika kuchezea mbao, na sitaki." Kama angekuwa amekwisha kukutumia dipoziti kwa M-Pesa juu ya ile 240,000, jibu langu lingekuwa lingine: ungeifanya kazi yote, pantri ikiwemo, na hasara ni yako. Hajatuma.